Kuti changa la mnazi na sikukuu ya watu wa mlima Agung

Kisiwani Bali, nchini Indonesia, kuna sikukuu iitwayo Galungan ambayo haifuati mwaka wa siku 365. Inarudi kila baada ya siku 210, na daima inaangukia Jumatano. Wabali, ambao wengi wao ni wa dini ya Kihindu, wanaamini kwamba siku hiyo wazee waliokufa wanarudi kutembelea nyumba zao. Wanakaa na familia siku kumi, hadi Jumamosi iitwayo Kuningan, ndipo wanaondoka tena. Mapokeo yao yanasema sikukuu hii ilifanyika mara ya kwanza mwaka 882.

Wageni hao hawaonekani, kwa hiyo kinachoonekana ni majani. Siku moja kabla ya Galungan, kila nyumba husimamisha mbele ya mlango wake mwanzi mrefu, ambao ncha yake imepinda na kuinamia barabara. Mwanzi huo unaitwa penjor. Umevikwa makuti kuanzia chini mpaka juu, umefungwa masuke ya mpunga, nazi na matunda, na kwenye ncha yake unaning'inia urembo mkubwa wa majani unaocheza na upepo. Mtu akiingia kijijini siku hiyo anapita chini ya matao mawili mawili, huku na huku, kama vile kwetu Kongo watu wanavyopanga matawi ya mingazi barabarani wakimngojea mgeni mkubwa au bibi harusi. Tofauti ni kwamba penjor ina maana moja mahususi: ni mlima. Ni mlima Agung wenyewe, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000 upande wa mashariki wa kisiwa, ambako maji na udongo mzuri wa mashamba yao vinatoka. Ndiyo maana mazao yanafungwa juu yake.

Kazi yote inaanza na jani moja. Mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu, na kutoka hapo kuti jipya hutoka karibu kila mwezi, likiwa limejikunja na kusimama wima kama mkuki. Kabla halijafunguka, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, karibu na nyeupe, na vijani vyake, ambavyo vinaweza kupita 200, bado vimelaliana kama kurasa za kitabu. Wajava wanaliita janur, Wabali wanaliita busung. Hilo ndilo linalotafutwa. Kuti la kijani lililokomaa ni gumu. Ukilikunja kwa kulikata upana, linaacha mstari mweupe kisha linapasuka. Changa linakunjika mara mbili, mara tatu, bila kuvunjika.

Mkataji anapaswa kujua mahali pa kupitisha panga. Chini kidogo ya kuti hilo ndipo ulipo moyo wa mnazi, na mti huo hauna moyo wa pili. Akikata chini mno, makuti ya zamani yataendelea kuonekana mazima kwa muda, lakini hakuna jipya litakalotoka, na mti utakufa polepole. Hata akikata vizuri kuna hasara, kwa sababu kwenye kwapa la kila kuti hutoka kichala kimoja cha nazi. Mnazi unaokatwa kuti changa mara kwa mara unazaa kidogo. Mwenye shamba anachagua: jani la sikukuu leo, au nazi za baadaye.

Jani likishafika nyumbani, wanawake wanatoa kwanza chelewa, ule mshipa mgumu wa katikati ambao kwetu unatengenezewa mifagio. Kila kijani kinabaki vipande viwili virefu na laini. Hapo watu wengi wa mbali husema Wabali wanasuka, lakini wao wenyewe wana neno linalomaanisha kushona, na ndilo sahihi zaidi. Vikapu vidogo vya wali, vile vinavyopikwa katika maji, ndivyo vinavyosukwa kweli, ukanda mmoja juu na mwingine chini. Urembo mwingine mwingi unakunjwa, unakatwa nakshi kwa kisu kidogo chenye makali, kisha unabanwa kwa vijiti vyembamba vya mwanzi vinavyochomekwa kama sindano. Siku hizi wengi wanatumia pini za chuma za ofisini. Ni haraka, lakini sadaka na urembo vikichomwa baadaye, kijiti cha mwanzi kinaungua pamoja na jani, na chuma kinabaki kwenye majivu.

Kwa ajili ya siku ya kumi, Kuningan, kuna vitu viwili ambavyo lazima vining'inizwe. Cha kwanza ni tamiang, maana yake ngao. Ni duara lenye ncha nyingi kuzunguka, na mtoto wa kwetu angeliita nyota bila kusita. Vipande vya jani vinakatwa kwa urefu mmoja, kila kimoja kinakunjwa ili kitoe ncha, kisha vinapangwa kwa mzunguko, kila kimoja kikilalia jirani yake, na katikati panabanwa ua dogo la majani kuficha mahali vinapokutana. Ugumu wake uko kwenye urefu. Kipande kimoja kikizidi kidogo, duara linavutwa upande mmoja, na likining'inizwa linainama badala ya kukaa sawa. Kosa hilo halionekani likiwa mezani. Kwa hiyo mtengenezaji anayejua kazi yake analiinua mara kwa mara kwa uzi na kulitazama likizunguka hewani kabla ya kubana kipande cha mwisho. Ngao hiyo inawekwa kuwalinda waliomo nyumbani.

Cha pili ni endongan, mfuko au kikapu kidogo cha majani hayohayo, chenye mkanda wa kubebea. Ndani yake hutiwa chakula, maana wazee wanaondoka na hawawezi kuondoka mikono mitupu. Ni posho ya safari. Wali wa siku hiyo hutiwa rangi ya manjano, na kila kitu kinapaswa kumalizika kabla ya saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo wageni wameshakwenda. Familia inayochelewa kushona inakuwa imewaachia wazee wake njia bila chakula. Haraka ya asubuhi ya Kuningan inatoka hapo.

Jani changa halina subira. Siku ya kwanza linang'aa, siku chache baadaye limejikunja pembeni na kuwa kahawia. Kabla ya kushonwa linafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, mbali na jua. Lililoloa sana na kukosa hewa linapata madoa meusi na kuwa na utelezi, na hapo hakuna dawa. Ndiyo sababu penjor nyingi za leo zinatengenezwa kwa majani yaliyokaushwa ya mvumo, ambayo yanaweza kuandaliwa wiki kadhaa mapema. Bali haina tena minazi ya kutosha kwa sikukuu zake, na malori ya makuti machanga huvuka mlango wa bahari kutoka Java mashariki. Penjor zilizokamilika zinauzwa kandokando ya barabara kwa watu wa mjini wasio na muda.

Mlima unaoheshimiwa kwa majani haya umeshawafukuza watu wake zaidi ya mara moja. Mwaka 1963, hekalu kubwa la Besakih, lililo kwenye ubavu wa Agung, lilikuwa katika sherehe ambayo kimapokeo hufanywa mara moja katika miaka 100. Mlima ulikuwa umeanza kutoa moshi mwezi wa pili. Sherehe haikusimamishwa. Tarehe 17 Machi ulilipuka kwa nguvu, na mawingu ya moto na tope la majivu vikashuka vijijini. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Mashamba yalifunikwa, na maelfu ya familia hazikuwa na pa kurudi. Serikali iliwahamishia visiwa vingine, wakiwemo waliopelekwa Sulawesi na Lampung, kusini mwa Sumatra, wakapewa msitu wa kufyeka. Huko, kilomita mamia kutoka Agung, vijiji vyao bado vinasimamisha penjor kila baada ya siku 210. Mlima hauonekani tena kutoka mlangoni, lakini mwanzi uliopinda upo.

Waliobaki Bali walipata zamu yao mwaka 2017. Tarehe 22 Septemba hatari ilipandishwa hadi kiwango cha juu kabisa, cha nne, na zaidi ya watu 130,000 wakatoka kwenye makao yao, wengine wakilala katika kumbi za michezo na chini ya mahema. Familia za Goma zilizokimbilia Sake, Minova au Rutshuru Mei 2021 kwa sababu ya Nyiragongo hazihitaji kuelezwa hali hiyo: mlima umenyamaza, watu wako nje, na kila siku wanauliza kama wanaweza kurudi.

Galungan ya mwaka huo ilikuwa Jumatano tarehe 1 Novemba. Kwa mtu aliye kambini hilo lilikuwa tatizo lisilo dogo, kwa sababu wazee wanarudi kwenye madhabahu ya nyumba yao, na si mahali popote familia ilipopata hifadhi. Tarehe 29 Oktoba, siku tatu kabla ya sikukuu, kiwango kilishushwa hadi cha tatu. Eneo lililokatazwa lilipunguzwa, likabaki kilomita 6 kuzunguka kreta, na 7 na nusu kwa baadhi ya pande. Waliokuwa nje ya mpaka huo waliruhusiwa kurudi wakati ule ambapo mianzi ilipaswa kukatwa. Wa ndani ya mpaka hawakuruhusiwa.

Kuningan ikafuata tarehe 11 Novemba, na ngao na vikapu vya posho vikaning'inizwa. Lakini penjor haiondolewi siku hiyo. Desturi inataka ikae siku 35 tangu Galungan, ndipo ing'olewe, urembo wake uchomwe na majivu yazikwe uani. Kwa hesabu ya mwaka ule, siku ya kuing'oa ilikuwa tarehe 6 Desemba. Mlima haukungoja. Tarehe 21 Novemba ulianza kutoa majivu, tarehe 27 hatari ikarudishwa kiwango cha nne, na watu wa kilomita 8 hadi 10 wakaamriwa kutoka tena. Waliotii walifunga milango na kuacha mianzi yao ikiwa bado imesimama mbele ya nyumba, majani yamekauka, majivu ya Agung yakianguka juu yake.