Kumsikiliza mpinzani katika makala ya kitaaluma

Nilipokuwa mwanafunzi, nilirudi likizoni Tseikuru nikiwa na makala ya kutetea mashairi huru. Niliwashambulia wanaarudhi toka mwanzo hadi mwisho. Mhadhiri wangu, mwanaarudhi sugu, aliisoma kisha akaandika pembeni: "Umenishinda nani?" Hakushawishika hata kidogo.

Jibu nililipata baadaye kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1951 alipendekeza kwamba usimjibu mpinzani kabla hujaeleza hoja yake hadi yeye mwenyewe akubali: naam, ndivyo nilivyosema. Mwaka 1970, Young, Becker na Pike waliugeuza wazo hilo kuwa mbinu ya uandishi.

Basi nikaanza upya. Kwanza nilimweleza Amri Abedi kwa haki: katika kitabu chake cha 1954, shairi ni wimbo, kwa hiyo vina na mizani vina kazi. Pili, nikakiri hoja hiyo ina nguvu pale shairi linapoghaniwa. Ndipo nikamleta Kezilahabi na *Kichomi* ya 1974: shairi la kusomwa kimya lahitaji mapigo pia, ila huweza kuyapata kwa takriri na mpangilio wa mishororo. Kumbe pande zote zatetea mapigo! Ugomvi ni njia tu.

Ila tahadhari, msomaji: ukimpaka mpinzani mafuta kisha umrarue, atakugundua. Na dai la uongo halina nusu ya kukubaliwa; hilo likanushe.