Poco moto, pp na vidoti viwili

Tuchukue picha ya mstari mmoja wa nota, wa kwanza katika "Für Elise" ya Ludwig van Beethoven, iliyopigwa kwa simu juu ya meza. Juu kabisa, upande wa kushoto, yamechapwa maneno mawili: Poco moto. Chini yake, kati ya mistari mitano ya mkono wa kulia na mitano ya mkono wa kushoto, zipo herufi mbili nene zilizoinama: pp. Mwishoni mwa mstari kuna mabano yenye namba 1, na chini ya mabano hayo mstari mwembamba wa wima, mstari mnene, na vidoti viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine. Mwanafunzi anayeanza huviruka vyote hivi na kukimbilia nota. Lakini kila kimoja kiliingia katika karatasi za muziki kwa wakati wake na kwa shida yake, na ndiyo maana havimfungi mpigaji kwa kiasi kilekile.

Kwanza karatasi yenyewe. Beethoven aliandika kipande hiki karibu na mwaka 1810 na hakukichapisha. Alifariki mwaka 1827. Miaka 40 baadaye, mwaka 1867, mtafiti Ludwig Nohl alikichapisha kutoka hati aliyoiona Munich, iliyokuwa na tarehe 27 Aprili bila mwaka. Hati hiyo ilipotea. Iliyobaki mkononi mwetu ni rasimu ya Beethoven mwenyewe, ambayo imehifadhiwa Bonn. Kwa hiyo picha tuliyo nayo ni ya kitabu kilichotokana na nakala ya Nohl, na kati yake na sisi wamepita wahariri wengi wenye kalamu zao.

Herufi pp zina historia ndefu. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli, mpiga ogani wa kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venisi, alichapisha mkusanyo uliokuwa na sonata ya vyombo vinane. Vyombo hivyo viligawanywa makundi mawili, na chini ya nota aliandika maneno pian na forte. Kundi moja lilipopiga peke yake, neno lilikuwa pian. Yote mawili yalipoungana, lilikuwa forte. Sauti ndogo ilimaanisha watu wachache wanapiga, na sauti kubwa ilimaanisha wote wanapiga. Neno lilithibitisha tu jambo ambalo idadi ya wapigaji ilikwisha kulifanya.

Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya kinanda, hali ilikuwa nyingine. Kinanda cha nyumba za wakubwa wakati huo kilikwanyua nyuzi, na hata ukibonyeza kwa nguvu namna gani, uzi hukwanyuka vilevile. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Padua aliyeajiriwa na ukoo wa Medici mjini Florensi, alibuni kinanda kinachopiga nyuzi kwa nyundo ndogo. Orodha ya vyombo vya ukoo huo ya mwaka 1700 inakitaja kuwa kinatoa sauti ndogo na kubwa, piano na forte, na kutoka hapo ndipo chombo kilipopata jina. Mwaka 1732 Lodovico Giustini alichapisha Florensi sonata za kwanza zinazojulikana kuwa ziliandikwa kwa ajili ya kinanda hicho, na ndani yake aliweka alama za nguvu ya sauti. Tangu hapo nguvu ikawa kazi ya kidole, na ilibidi iandikwe, maana nota peke yake haisemi.

Ngazi inayotumika leo huanza na pp, sauti ndogo sana, kisha p, ndogo. Hufuata mp na mf, ambazo ni za wastani, ya kwanza ikielekea udogo na ya pili ukubwa. Halafu f ni kubwa, na ff kubwa sana. Hakuna herufi yenye kipimo chake peke yake. Kila moja hupimwa kwa jirani zake katika ukurasa uleule, kwa chombo kilekile, katika chumba kilekile. Vinanda vya Viena vya mwaka 1810 vilikuwa na sauti nyembamba kuliko piano kubwa za leo, kwa hiyo pp ya Beethoven haiwezi kuwa sawa na yetu. Kinachobaki kweli ni uhusiano: mstari huu upigwe chini ya kila kitu kitakachofuata. Anayeuanza kwa sauti ya kawaida hana tena mahali pa kurudi pale wimbo utakaporejea baada ya sehemu yenye vurugu.

Picha huleta makosa yake hapa. Kivuli cha mkono au mkunjo wa karatasi hula herufi moja, pp ikawa p, au mf ikawa f. Tazama nafasi iliyo kushoto ya herufi iliyobaki. Ikiwa kuna alama ya wino hafifu, omba picha nyingine. Mishale mirefu inayofunguka au kufunga, inayoelekeza sauti ikue au ipungue, huongezwa katika matoleo mengi ya wanafunzi, na hiyo ni nasaha ya mhariri. Usiichanganye pp na Ped., ambayo nayo hukaa chini na huhusu kanyagio la mguu. Na mwanakwaya aliyelelewa na solfa ana tahadhari yake: katika safu ya solfa f ni fa, lakini f nene iliyoinama chini ya mistari mitano ni forte.

Sasa maneno ya juu. Poco moto humaanisha mwendo kiasi, usio wa haraka. Maneno ya Kiitaliano ya kasi yalienea katika karne ya 17, Waitaliano walipokuwa walimu wa muziki wa Ulaya, na mengi yalikuwa majina ya hali ya moyo kabla ya kuwa majina ya kasi. Allegro ni uchangamfu. Beethoven mwenyewe alichoshwa nayo. Katika barua ya mwaka 1817 kwa Ignaz von Mosel alisema angependa kuacha majina ya kawaida kama allegro na adagio, kwa sababu mara nyingi kipande chenye jina la uchangamfu hakina uchangamfu wowote ndani yake. Maneno yanayoeleza tabia ya kipande, hayo hakutaka kuyaacha.

Alisema hivyo kwa kuwa sasa kulikuwa na mbadala. Mwaka 1815 Johann Nepomuk Maelzel alipata hataza ya metronomu, chombo kinachogonga idadi fulani ya mapigo kwa dakika, na mwaka 1817 Beethoven alitangaza namba za kasi kwa simfoni zake 8 za wakati huo. Hapo pana jambo la kumsaidia msomaji wa picha. "Für Elise" iliandikwa kabla ya metronomu kuuzwa. Ukiona juu ya mstari alama ya usawa na namba, jua imewekwa na mhariri. Namba hiyo inaweza kuwa nzuri, lakini huna deni nayo.

Kasi basi utaichaguaje? Mstari huu peke yake haukuambii, na hilo ndilo pungufu kubwa la kupiga picha ya mstari mmoja. Mbele, katika sehemu ya pili, mkono wa kulia unapewa nota fupi mara mbili ya hizi. Kasi ambayo vidole havitaiweza kule si kasi ya kipande hiki, hata kama mstari wa kwanza unakwenda nayo vizuri. Nashauri uanze kutafuta kule, kisha urudi nayo hapa.

Tumefika kwenye vidoti. Hapa hakuna tena ladha ya mtu. Kuna hesabu, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwanzo wa mstari umeandikwa 3 juu ya 8: kila kipimo, ambacho waimbaji wengi hukiita baa, kina thumuni tatu. Lakini kabla ya mstari wa kwanza wa wima kuna nota mbili tu, kila moja nusu thumuni. Jumla yake ni thumuni moja. Ni kipande cha kipimo kilichoanza kikiwa pungufu.

Nenda sasa hadi chini ya mabano ya namba 1. Mkono wa kulia una nota moja ya robo, ambayo ni thumuni mbili. Mkono wa kushoto una nota tatu za nusu thumuni na kituo cha nusu thumuni, nazo ni thumuni mbili. Kipimo hiki nacho ni pungufu, na mchapaji hakukosea. Vidoti vinakuamuru urudi, na kwa kuwa hakuna vidoti vingine vilivyotazama kulia huko nyuma, unarudi mwanzo kabisa, pamoja na zile nota mbili ndogo. Mbili na moja ni tatu. Mpigaji anayerudi kwenye mstari wa kwanza wa wima na kuziacha nota mbili hizo amepoteza thumuni moja, na mguu unaohesabu utajikwaa papo hapo. Mara ya pili unayaruka mabano ya 1 na kuingia ya 2. Humo kipimo kinatimia chenyewe: thumuni moja, kituo cha nusu thumuni, kisha nota tatu za nusu thumuni zinazokupeleka mbele.

Mabano hayo yalimtesa Beethoven mwenyewe. Simfoni yake ya Tano ilisikika mara ya kwanza Viena tarehe 22 Desemba 1808, na mwaka uliofuata Breitkopf & Härtel wa Leipzig wakaichapa. Katika sehemu ya tatu alikuwa amekusudia marudio marefu, yenye mwisho wa kwanza na mwisho wa pili. Marudio hayakuingia katika chapa, lakini vipimo viwili vya mwisho wa kwanza vilibaki ndani, vikifuatwa na vile vya mwisho wa pili kana kwamba vyote vilipaswa kupigwa mfululizo. Agosti 1810 Beethoven aliwaandikia wachapaji na kuwaonyesha vipimo viwili vilivyozidi. Havikuondolewa. Okestra ziliendelea kuvipiga, na barua hiyo ilitangazwa hadharani mwaka 1846 tu, mtunzi akiwa kaburini miaka 19.

Katika kitabu kizima cha "Für Elise" kosa la namna hiyo ni gumu kutokea, maana mabano yote mawili yanaonekana pamoja. Katika picha ya mstari mmoja ni rahisi. Mabano ya 2 mara nyingi yako kwenye mstari unaofuata, nje ya picha, na anayepiga hurudi mara moja, kisha hupita tena ndani ya mabano ya 1 kwa sababu hana pengine pa kwenda. Kabla ya kuketi, hakikisha picha inaonyesha yote mawili, na kwamba vidoti vimo katika nafasi mbili za katikati, juu na chini ya mstari wa tatu. Kidoti kilicho kando ya kichwa cha nota kinaiongezea nusu ya urefu wake, na kilicho juu au chini ya kichwa kinaikata iwe fupi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokurudisha mwanzo.