Bibi au Pembe?

Kila ninapofundisha nyaraka za kale za pwani, wanafunzi huniomba nakala kwa herufi za Kilatini. Nasita kidogo. Katika tahajia kongwe ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi be ilibeba sauti b, p na hata mb. Nayo kasra, kistari cha chini, ilisimama kwa i na kwa e. Basi be mbili zenye kasra husomeka bibi, au pembe. Kwa barua ya mfanyabiashara wa karne ya 19, tofauti hiyo si ndogo! Mnakili huamua kwa muktadha, aghalabu kwa usahihi, lakini nakala yake haioneshi kwamba palikuwa na uamuzi. Nikiwapa, huambatisha picha ya barua yenyewe, na neno lenye shaka nalipigia mstari.