Ripoti ya mkaguzi wa hesabu: "obsevasyo" si "rezerve"

Kwenye mkutano mkuu wa koperative ya akiba na mikopo, ripoti ya komisere wa hesabu husomwa haraka haraka. Mwanamemba akisikia "tunavuta macho yenu", anaogopa kwamba makuta yameliwa. Mwingine akisikia "isipokuwa", anapiga makofi. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Tangu 2018, wakaguzi wa nchi za OHADA, Kongo ikiwa ndani, wanatakiwa kufuata kanuni za kimataifa za ukaguzi, zile zinaitwa ISA. Kanuni ya 706 inaeleza aya mbili ambazo mkaguzi anaweza kuongeza kwenye ripoti bila kugusa opinyo yake. Kanuni ya 705 inaeleza namna opinyo yenyewe inabadilika.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini juu ya jambo ambalo Goma inalijua. Koperative moja inafunga hesabu za tarehe 31 Desemba 2020. Mali yake yote ni dola 900.000, na ndani yake kuna jengo la dola 150.000 upande wa Buhene. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo inalipuka, lava inafunika jengo. Mkaguzi anatia sahihi mwezi wa sita.

Je, hesabu za 2020 ni za uongo? Hapana. Siku ile ya 31 Desemba jengo lilikuwa limesimama, kwa hiyo dola 150.000 zinabaki kwenye bilani. Lakini anayesoma bila kujua habari ya lava atadanganyika. Ndiyo maana viongozi wa koperative wanapaswa kuandika kwenye nota za aneksi, tuseme nota ya 14, kwamba jengo limeungua na hasara ni kiasi gani. Wakifanya hivyo vizuri, mkaguzi anatoa opinyo safi, kisha anaongeza aya ya obsevasyo: anavuta macho ya msomaji kwenye nota ya 14, na anasema waziwazi kwamba opinyo yake haibadiliki juu ya jambo hilo.

Angalia kitu kimoja hapa: mkaguzi hatoi habari mpya. Ananyoosha tu kidole kwa jambo kubwa ambalo viongozi wenyewe wameshaandika. Kama nota ya 14 haipo, hana mahali pa kunyoosha kidole, na hawezi kuwaandikia viongozi kile wamenyamazia. Hapo hesabu zina kasoro, na inabidi aweke rezerve: hesabu ni sawa, isipokuwa habari ya jengo imefichwa. Na hapa ndipo ujanja unaingia. Kiongozi anamwomba mkaguzi "aweke obsevasyo tu", juu wafadhili wanaogopa neno rezerve. Kanuni inakataa, obsevasyo haiwezi kuchukua nafasi ya rezerve.

Sasa tubadilishe mfano kidogo. Jengo halikuwa na kitu cha maana, lakini mafaili ya mikopo ya dola 600.000 yaliungua humo, na hakuna kopi popote. Mkaguzi hawezi kujua kama wadeni wapo kweli. Shida si kwamba ameona uongo, ni kwamba amekosa ushahidi, tena kwa sehemu kubwa sana ya mali. Hapo anakataa kutoa opinyo. Kama angekuwa na ushahidi na kuona hesabu zimepotoka karibu pote, angetoa opinyo mbaya, yaani hesabu hazionyeshi ukweli. Kosa likiwa kubwa lakini liko mahali pamoja, ni rezerve.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalichanganya na obsevasyo. Tuseme mtaji wa koperative ni dola 120.000 tu. Hasara ya 150.000 inaumeza wote, na haijulikani kama koperative itaendelea kuishi. Viongozi wakilieleza vizuri kwenye nota, opinyo inabaki safi, lakini mkaguzi anaandika sehemu ya pekee juu ya mashaka hayo, yenye kichwa chake, kufuatana na kanuni ya 570. Mwanamemba akiona kichwa hicho, asikipite kama maneno ya kawaida.

Aya ya pili, ile ya "mambo mengine", inahusu kitu ambacho hakimo kabisa ndani ya hesabu, lakini kinasaidia kuelewa kazi ya mkaguzi. Mfano wa kawaida: hesabu za mwaka uliopita zilikaguliwa na mtu mwingine. Mkaguzi mpya anaweza kulisema, pamoja na aina ya opinyo ya yule wa zamani na tarehe ya ripoti yake. Ikiwa yule wa zamani alikuwa ameweka rezerve, mwanamemba anaweza kuuliza palepale mkutanoni kama jambo lile lilitengenezwa.