Nemawashi: uamuzi unaoiva kabla ya kikao

Nemawashi ni neno la Kijapani tunaloweza kulieleza kama kuzungukia mizizi. Mtunza bustani anayetaka kuhamisha mti mkubwa huchimba kuuzunguka miezi kadhaa mapema, akakata baadhi ya mizizi ili mipya iote karibu na shina.

Ofisini nako ni hivyo. Tuseme meneja anataka mashine mpya. Kwanza humwendea faraghani mkuu wa fedha, kisha wa karakana, na kurekebisha pendekezo kwa hoja zao. Kikao huja kuidhinisha tu, na utekelezaji huwa wa haraka.

Kasoro yake ni kwamba maandalizi huchukua muda, na aliyerukwa anaweza kukwamisha yote. Wazo likipokewa kwa ukimya kikaoni, huenda mizizi haikuandaliwa.