Upara wa utosini: miaka 50 ya kulishutumu chanuo la moto

Mwaka 1968 madaktari watatu wa ngozi wa Philadelphia, Marekani, LoPresti, Papa na Kligman, walichapisha taarifa juu ya wanawake weusi 51 waliokuwa wakipoteza nywele kwa namna moja. Upara ulianzia utosini, ukatanuka taratibu pande zote, na kila ulipopita uliacha ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu vya nywele. Wanawake hao walikuwa na desturi ya kunyoosha nywele kwa chanuo la chuma lililopashwa moto, na ugonjwa ukapewa jina la chombo hicho: upara wa chanuo la moto.

Maelezo yao yalikuwa rahisi kukubalika. Kabla ya kunyoosha, nywele hupakwa mafuta ya mgando. Chanuo likipita, mafuta huyeyuka. Madaktari hao walidhani mafuta ya moto yalitiririka kufuata unywele hadi ndani ya kitundu chake, yakaunguza kuta zake mara kwa mara mpaka kitundu kikavimba, kikafa na kuzibwa na kovu. Kwa zaidi ya miaka 20, mwanamke mweusi aliyefika hospitali na upara wa utosini aliambiwa amejiletea mwenyewe.

Shutuma hiyo iliangukia watu ambao tayari walikuwa wamebanwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, nywele zilizonyooka zilimrahisishia mwanamke mweusi wa Marekani kupata kazi na kukubaliwa mbele ya watu. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, alijenga kampuni kubwa juu ya hitaji la kutunza nywele hizo. Mara nyingi husemwa kwamba ndiye aliyevumbua chanuo la moto, jambo ambalo si kweli. Alichoanza kukiuza ni dawa ya kuotesha nywele, kwa sababu za kwake zilikuwa zikinyonyoka. Hatuwezi kujua leo alikuwa na ugonjwa gani, ila tunajua kwamba wanawake wengi walikuwa wakitafuta dawa ya namna hiyo.

Kesi dhidi ya chanuo ilianza kuyumba mwaka 1992. Leonard Sperling na Purnima Sau walichunguza upya vipande vya ngozi vya wagonjwa 10 na kuwauliza historia ya nywele zao. Waligundua kwamba uhusiano kati ya chanuo na ugonjwa ulikuwa hafifu: kuanza kwa upara na kuenea kwake hakukufuata matumizi ya chanuo. Miaka miwili baadaye Sperling na wenzake walieleza ugonjwa uleule kwa wanaume, watu ambao kwa kawaida hawanyooshi nywele kwa chanuo hata kidogo.

Walichokiona kwa hadubini ndicho kiini cha habari hii. Unywele unapokua hupanda juu ukiwa umevikwa utando mgumu unaoukinga usigusane na kuta za kitundu, mithili ya jambia ndani ya ala yake. Kwa kawaida utando huo huyeyuka karibu na juu, unywele ukikaribia kutoka nje. Katika ugonjwa huu huyeyuka mapema mno, kule chini. Unywele ulio wazi husugua ukuta, na ukuta huwa mwembamba upande mmoja, kisha uvimbe huingia. Ukuta ukipasuka, vipande vya unywele humwagika kwenye nyama, mwili huvishambulia kama vitu vya kigeni, na vita ikiisha huachwa kovu. Sperling na Sau waliukuta utando umeyeyuka mapema hata kwenye vitundu ambavyo bado vilikuwa na nywele zake. Kasoro, basi, hutangulia upara.

Kikao cha wataalamu kilichofanyika mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Duke kilipanga upya magonjwa yote ya upara wa kovu, na taarifa yake ikatoka mwaka 2003. Jina la chanuo likaondoka. Mahali pake likaja jina refu linaloeleza kinachoonekana tu, yaani upara wa kovu unaoanzia katikati ya kichwa na kusambaa kuelekea pembeni. Kliniki hulifupisha kwa herufi CCCA.

Chanzo cha kasoro ile ya utando kilibaki swali, na jibu lilianza kutoka Durban. Daktari Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alikuwa akiona mama na binti, dada kwa dada, wakija na upara uleule. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa hurithiwa ndani ya familia: mzazi mmoja mwenye chembe ya urithi ya ugonjwa huu anatosha kumpa mtoto. Hata hivyo, si kila aliyerithi aliugua, na namna ya kutengeneza nywele ilichangia sana kuamua nani augue vibaya. Mwaka 2017 madaktari walieleza pia habari za vijana wachache walioanza ugonjwa huu katika umri mdogo, wakiwemo wenye nywele zisizowahi kuguswa na dawa.

Mwaka 2019 kikundi cha Dlova, kikishirikiana na Eli Sprecher wa Tel Aviv, kilichapisha matokeo ya kupima vinasaba. Kati ya wagonjwa 58, 14 walikuwa na hitilafu kwenye jini liitwalo PADI3. Jini hili hutengeneza kimeng'enya kinachoigusa protini inayoupa unywele na utando wake ugumu. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, unywele na ala yake havikomai sawasawa. Wagonjwa 14 kati ya 58 ni takriban robo tu, kwa hiyo wengine wana sababu nyingine. Hata hivyo, baada ya nusu karne palipatikana jambo lililokuwapo kabla ya chanuo lolote kupashwa moto.

Hapo ndipo wengi huteleza. Wakisikia ugonjwa ni wa kurithi, huona saluni haina neno tena. Mimi nayasoma matokeo yale kinyume chake. Kama unywele wako umezaliwa na ala dhaifu, kila mvuto na kila mwunguzo huongeza msuguano mahali ambapo ukuta tayari ni mwembamba. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wanawake wenye CCCA na wasio nayo. Tofauti iliyojitokeza haikuhusu chanuo. Wenye ugonjwa walikuwa wamezoea zaidi nywele bandia za kushonea na za kugundisha, pamoja na misuko iliyokuwa ikiwavuta hadi kuuma. Ushahidi dhidi ya dawa ya kulainisha peke yake umekuwa ukipingana. Ila uchunguzi uliofanywa Langa, Cape Town, ulionyesha kwamba kusuka kwa kuvuta juu ya nywele zilizokwisha kutiwa dawa huongeza hatari ya ule upara mwingine, wa mvuto, ambao hupitia pembeni mwa paji la uso. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Tumchukue mwanamke wa miaka 38, mfano wa wanaoonekana kliniki. Hutia dawa kila baada ya wiki nane na kusuka rasta kati ya wiki hizo. Kwa miaka miwili nywele za utosini zimekuwa zikikatika, hazizidi urefu wa kidole, huku za kisogoni zikirefuka vizuri. Msusi humwambia dawa imemkata, apumzishe nywele na apake mafuta mazito. Yeye mwenyewe hajaona upara wowote, maana utosi wa mtu hauonekani kwenye kioo cha mbele. Huwashwa kidogo pale katikati, na wakati mwingine hapo huuma akichana, au huhisi kama kuchomwachomwa na sindano. Dalili hizi huja na kupotea. Wapo pia wasiohisi chochote, na ndiyo maana wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kukatika kwa nywele utosini pekee, hata bila upara, kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya CCCA. Mwaka 2012 Valerie Callender na wenzake waliandika mahususi juu ya jambo hili. Msusi anayemfumua nywele huyu mwanamke ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote kuuona ugonjwa. Agawe nywele kwa mstari kutoka paji la uso hadi kisogoni, alinganishe upana wa mstari utosini na pembeni, kisha aangalie ngozi yenyewe. Je, vitundu vipo, au kuna sehemu nyororo inayong'aa? Je, nywele mbili tatu zinatokea tundu moja kama zimefungwa pamoja? Mteja akijipigia picha ya utosi kwa simu kila baada ya miezi mitatu, mwanga na mstari vikiwa vilevile, atakuwa na ushahidi ambao kumbukumbu haiwezi kumpa.

Daktari wa ngozi hutazama kwa kioo cha kukuza. Duara jeupe la kijivu kuzunguka mahali unywele unapotokea humpa shaka kubwa. Ili kuthibitisha, hukata kipande kidogo cha ngozi chenye upana wa milimita 4. Kipande hicho hutolewa ukingoni, palipobaki nywele, kwa sababu katikati ya upara pamebaki kovu tu na hapaonyeshi chanzo. Huhakikisha pia kwamba si fangasi za kichwani, wala ule wembamba wa nywele wa kawaida wa wanawake, ambao hauzibi vitundu.

Huyu wa miaka 38 amewahi. Ataacha chochote kinachovuta au kuunguza utosi: rasta nzito, nywele za kushonea, na dawa ya nywele, hasa kwenye ngozi iliyokunwa au yenye vidonda. Msuko unaouma usiku ule wa kwanza, au unaoleta vipele kwenye mizizi, hufunguliwa siku hiyohiyo. Daktari kwa kawaida humwandikia dawa kali ya kupaka ya kutuliza uvimbe, kama clobetasol, sindano za triamcinolone ukingoni mwa eneo lililoathirika kila baada ya wiki kadhaa, na pengine vidonge vya doxycycline kwa miezi kadhaa, si kwa sababu kuna vijidudu bali kwa kuwa hupunguza uvimbe. Minoxidil husaidia nywele ambazo vitundu vyake bado ni hai. Anaweza kuulizwa pia kuhusu kisukari na uvimbe wa mfuko wa uzazi. Kuhusu uvimbe, uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta uvimbe huo kwa asilimia 13.9 ya wenye CCCA, dhidi ya asilimia 3.3 ya wanawake weusi wengine.

Lengo la dawa hizi ni kuuzuia ugonjwa hapo ulipofika. Kitundu kilichokwisha kuwa kovu hakirudi kwa mafuta, kwa sindano wala kwa vidonge. Nywele zinazoweza kurudi ni zile zilizokatika au kudhoofika kabla ukuta haujapasuka, na hazirudi haraka: huchukua miezi sita au zaidi kabla ya tofauti kuonekana. Mwenye upara mpana anaweza kufikiriwa kwa upandikizaji wa nywele, lakini baada tu ya ugonjwa kutulia kwa mwaka mzima au zaidi. Hata hapo hupandikizwa chache kwanza, kwa majaribio, kwa kuwa ngozi yenye kovu huzipokea kwa shida na ugonjwa unaweza kuamka tena.