Rasimu ya Mashine na Sauti ya Muuzaji: Juu ya Tangazo Lisilosema Kitu

Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kazi ya kuandika matangazo madogo ya biashara imehama kwa kiasi kikubwa kutoka mikononi mwa watu. Mwenye duka huiagiza mashine imtungie maneno ya kusifu bidhaa, nayo humletea aya iliyonyooka, isiyo na kosa la tahajia, na isiyo na habari yoyote. Hapo ndipo huitwa mtu aitie uhai. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ugonjwa huu ni mkongwe kuliko mashine, na kwamba dawa yake ilikwisha kujulikana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini katika Kiswahili ugonjwa una dalili zake wenyewe, ambazo waandishi wa Kimarekani waliogundua dawa hiyo hawakuwa na haja ya kuzijua.

Mwaka 1880 mfanyabiashara John Wanamaker wa Filadelfia alimwajiri John E. Powers amwandikie matangazo ya duka lake. Powers alichukia maneno makubwa. Husimuliwa kwamba mkuu wa idara moja alimnong'oneza kuwa makoti ya mvua yaliyokuwa ghalani yameoza, na kwamba yafaa yauzwe bila kutaja aibu hiyo. Powers aliitaja gazetini waziwazi, na makoti yakaisha. Kisa hiki kinapendwa mno na wanahistoria wa biashara, pengine kupita kiasi, lakini kinafaa kukumbukwa, maana tutakirudia.

Kisa kilicho na mafunzo zaidi kwetu ni cha Claude Hopkins, aliyeandika matangazo ya bia ya Schlitz ya mji wa Milwaukee. Kwa maelezo yake mwenyewe katika tawasifu yake ya 1927, watengenezaji wote wa bia wakati huo walikuwa wakipiga kelele ya neno moja tu, kwamba bia yao ni safi. Wengine waliliandika neno hilo kwa herufi kubwa. Wengine walinunua kurasa mbili ili liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Halikumgusa msomaji yeyote. Hopkins akaenda kiwandani. Akaonyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilidondoka juu ya mabomba, na vyumba hivyo vilijazwa hewa iliyochujwa ili bia ipoe bila kuchafuka. Akaonyeshwa pampu na mabomba yakisafishwa mara mbili kwa siku, chupa zikioshwa mara nne kwa mashine, na visima vilivyochimbwa futi 4,000 kwenda chini ingawa kiwanda kilikuwa kando ya ziwa. Akawauliza wenyeji wake kwa nini hawawaambii watu mambo hayo. Wakamjibu kwamba kila kiwanda hufanya vivyo hivyo. Jibu la Hopkins lilikuwa kwamba hakuna aliyekwisha kuyasema. Akayaandika, na anadai kwamba baada ya miezi michache Schlitz ilipanda kutoka nafasi ya tano ikawa bega kwa bega na ya kwanza.

Tuzingatie kwamba Hopkins hakutafuta neno zuri zaidi kuliko "safi". Alitafuta kilichomo ndani ya neno hilo, nacho hakikupatikana mezani.

Sasa tuitazame mashine. Programu za aina hii hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha hutunga kwa kukadiria neno gani lina uwezekano wa kufuata maneno yaliyotangulia. Neno lenye uwezekano mkubwa katika tangazo ni lile lililotumiwa na matangazo mengi. Baada ya hapo mashine hurekebishwa zaidi kwa hukumu za watu wanaolinganisha majibu, na jibu laini lisilomuudhi mtu hupendelewa. Kwa hiyo ujumla wa maneno yake hautokani na uzembe. Ndiyo kazi yenyewe. Kwa Kiswahili hali ni nzito zaidi, kwa kuwa maandishi yetu yaliyomo katika hazina hiyo ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na sehemu yake imetafsiriwa. Mashine huongea maneno yetu kwa mpango wa sentensi za watu wengine.

Tuchukue mfano. Fundi mmoja wa majiko wa Kamukunji, Nairobi, ambaye sitamtaja jina, aliniletea karatasi aliyochapishiwa na kijana wake. Ilisema hivi:

"Je, umechoka na majiko ambayo hayafanyi kazi ipasavyo? Tunakuletea jiko la kisasa ambalo litabadilisha maisha yako na ya familia yako! Jiko letu lina ubora wa hali ya juu, ni rahisi kutumia, nafuu na la kuaminika. Sio tu kwamba linaokoa muda wako, bali pia linalinda mazingira yako. Usikose fursa hii ya kipekee. Agiza lako leo!"

Ondoa neno "jiko" uweke "godoro" au "simu". Karibu kila sentensi itasimama kama ilivyosimama. Hilo ni jaribio la kwanza, na hufanywa kwa nusu dakika. La pili ni la kisarufi, nalo ndilo litakalowapendeza wasomaji wa jarida hili. Hesabu vimilikishi vya nafsi ya pili: maisha yako, familia yako, muda wako, mazingira yako, lako. Ni vitano katika aya fupi. Kiingereza hudai kimilikishi mahali ambapo Kiswahili hukiacha. Sisi hunawa mikono, wala hatulazimiki kusema mikono yetu. Angalia tena "ambayo hayafanyi" na "ambalo litabadilisha". Amba- si kosa, na katika kanusho la kwanza ina nafasi yake, lakini mwandishi aliyezoea lugha angesema "yasiyofanya" na "litakalobadilisha" bila kufikiri; mashine huchagua njia inayofanana na kiunganishi cha Kiingereza. Halafu kuna sifa tatu zilizopangwa foleni, na ule mzani wa "sio tu... bali pia" ambao hauna kinachopimwa.

Mhariri mvivu angesahihisha dalili hizi na kuishia hapo. Angepata Kiswahili safi kisichosema kitu. Yule kijana alijaribu njia nyingine: aliiamuru mashine iongeze mambo mahususi. Ikaongeza. Rasimu ya pili ilidai kwamba jiko hupunguza makaa kwa asilimia 70 na kwamba limethibitishwa na wataalamu. Fundi alipoulizwa ni wataalamu gani, alicheka. Hapa pana hatari halisi, kwani mashine inayojua umbo la jambo mahususi bila kuwa na jambo lenyewe hujaza pengo kwa kubuni, na anayejibu mbele ya mteja ni fundi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kuipa bidhaa sifa isizokuwa nazo, nayo haiulizi sentensi ilitungwa na nani. Kila tarakimu inayotokea katika rasimu bila kuwa imetolewa na muuzaji yapasa kufutwa kwanza, kisha ndipo itafutiwe asili.

Ikabidi kwenda karakana. Jiko lenyewe ni lile lililobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuigiza jiko la ndoo la Thailand: bati lililobanwa kiunoni, na ndani yake chungu cha udongo uliochomwa chenye matundu ya kupitishia majivu. Jiko la zamani la bati tupu hupoteza joto ubavuni, udongo hulizuia. Hayo fundi aliyaona ya kawaida mno hata hakutaka kuyasema, kama wale wa Milwaukee. Nilimwuliza maswali matatu tu. Mteja hurudi na malalamiko gani? Wewe hutambuaje chungu kibaya? Nani amelitumia muda mrefu? Maswali kama "bidhaa yako ina faida gani" hayafai, kwa sababu humfanya mtu ajibu kwa lugha ya matangazo.

Kwa swali la pili hakujibu kwa maneno. Alichukua vyungu viwili akavigonga kwa kifundo cha kidole. Kimoja kililia, kingine kikanyamaza. "Hiki hakikuiva tanurini, mwalimu. Kikipata maji kitamomonyoka." Kwa swali la kwanza alisema kwamba wateja humwaga maji juu ya moto ili kuokoa makaa, udongo ukapasuka, na wengine hulalamika kwamba jiko huchelewa kushika. Kwa la tatu alinipeleka kwa mama anayepika maharagwe ya kuuza, jirani yake, ambaye zamani alinunua mikebe mitatu ya makaa kwa siku na sasa hununua miwili. Mama alikubali habari hiyo itajwe. Hesabu yake si kipimo cha maabara, na haikugeuzwa kuwa asilimia. Iliachwa kuwa hesabu ya mtu mmoja mwenye sufuria moja.

Tangazo lililopatikana ni hili:

"Gonga kabla hujanunua. Udongo ulioiva hulia. Ambao haukuiva hunyamaza. Kila jiko tuuzalo hapa Kamukunji tumeligonga, nawe ligonge tena. Likiwashwa huchelewa kidogo kushika, lakini likishika halipoi upesi. Mama wa maharagwe hapa jirani alikuwa akimaliza mikebe mitatu ya makaa kwa siku. Sasa humaliza miwili. Usilizime kwa maji, udongo utapasuka. Na ukipasuka usitupe bati: lilete, tutatia chungu kipya."

Fundi alipofika kwenye kuchelewa kushika alisita. "Mwalimu, unaniuzia au unanifukuzia wateja?" Nikamsimulia habari za Powers na makoti yaliyooza. Hakushawishika sana na Marekani, ila alikiri kwamba malalamiko hayo humjia kila wiki na kwamba mteja aliyeonywa harudi kugombana. Sentensi ikabaki.

Ukiacha viunganishi kama "na" na "ya", hakuna neno la rasimu ya kwanza lililosalia isipokuwa "jiko". Sidai kwamba itakuwa hivyo daima. Panapokuwa na bei, vipimo, saa za kufungua na mahali, mashine ikipewa habari hizo kwa orodha huzipanga vizuri, wala sioni haja ya mtu kujitesa. Wala sidai kwamba tangazo jipya linamtenga fundi huyu na wenzake. Mafundi wengine wa Kamukunji nao huweza kugonga vyungu, kama ambavyo viwanda vingine viliosha chupa mara nne. Jaribio la kubadilisha jina la bidhaa, kwa hiyo, lisitumiwe kupita mpaka wake: hutuonyesha sentensi zisizosema kitu, lakini halihukumu sentensi ya kweli ambayo jirani naye angeweza kuisema kama angeamka mapema.

Lipo jambo moja ambalo Hopkins hakukabiliana nalo. Aya za mashine zinazobandikwa leo zinaweza kukusanywa kesho kuwa maandishi ya Kiswahili ya kuifunzia mashine nyingine. Kwa lugha yenye maandishi mengi, tone hilo halionekani. Kwa yetu, "Je, umechoka na majiko" ikirudiwa vya kutosha itahesabiwa kuwa ndivyo Waswahili wauzavyo majiko.